Siku kati ya upekuzi na usajili: hapo ndipo kiwanja huuzwa mara mbili

Mnunuzi akishakabidhiwa hati ya kiwanja aitazame, macho yake hukimbilia karatasi. Huipapasa, huiinua kwenye mwanga akitafuta alama ya maji, hulinganisha muhuri wake na ule aliouona kwenye hati ya ndugu yake. Asipoona kasoro, moyo unatulia na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Namwelewa, kwa sababu karatasi ndicho kitu pekee alicho nacho mkononi. Lakini ndicho kitu kinachomwambia kidogo kuliko vyote.

Pale ambapo ardhi imesajiliwa, umiliki haukai kwenye hati. Unakaa kwenye rejista, yaani kumbukumbu iliyo kwa msajili wa ardhi. Hati ni nakala ya yale rejista iliyokuwa ikisema siku ile hati ilipotolewa. Kama ilitolewa miaka 12 iliyopita, inaeleza hali ya miaka 12 iliyopita. Tangu hapo mwenye ardhi anaweza kuwa ameiweka rehani benki, amefariki, ameshtakiwa na mahakama ikazuia mauzo, au ameshaiuza. Karatasi itabaki safi vilevile.

Ndiyo maana ninasema kwamba mauzo ya mara mbili hayahitaji karatasi ya bandia hata kidogo. Mara nyingi hati ni halali, muuzaji ni mwenye ardhi kweli, na upekuzi alioufanya mnunuzi, yaani kuuliza kwa msajili rejista inasema nini, ulikuwa sahihi. Wizi unafanyika ndani ya siku zilizopo kati ya upekuzi na usajili wa jina jipya. Anayetaka kujilinda azitazame siku hizo kwa makini kuliko anavyoutazama muhuri.

Tuchukue mfano na tuufuate tarehe kwa tarehe. Kuna kiwanja nambari 214. Mwenye nacho ana hati halisi na anataka kuuza. Mnunuzi wa kwanza anafanya upekuzi tarehe 4 Januari, na majibu yanaonyesha jina la muuzaji, hakuna rehani, hakuna zuio. Tarehe 9 wanasaini mkataba wa mauziano mbele ya wakili, na mnunuzi analipa nusu ya bei moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji. Nusu iliyobaki atailipa mwishoni mwa Machi, na hati itabaki kwa muuzaji hadi siku hiyo. Wanapeana mikono.

Tarehe 18 Januari mnunuzi wa pili, asiyejua lolote kuhusu wa kwanza, anafanya upekuzi wake. Majibu ni yaleyale: jina la muuzaji, hakuna rehani, hakuna zuio. Upekuzi huo haukukosea. Mkataba wa tarehe 9 uko ndani ya kabati la wakili na rejista haijapata habari zake. Mnunuzi wa pili analipa bei yote tarehe 20, anapewa hati na fomu ya uhamisho iliyosainiwa, anawasilisha nyaraka kwa msajili tarehe 27, na kufikia tarehe 6 Februari jina lake limeingia. Mwisho wa Machi mnunuzi wa kwanza anakuja na nusu yake ya pili, na kukuta watu wanachimba msingi.

Kiwanja ni cha nani? Katika mifumo mingi ya usajili, mnunuzi aliyelipa thamani, kwa nia njema, bila kujua dai la mwenzake, na akasajiliwa kwanza, ndiye anayelindwa. Mnunuzi wa kwanza anabaki na haki ya kumdai muuzaji fedha zake na fidia. Haki hiyo ni ya kweli, ila ni dhidi ya mtu ambaye pengine hapatikani tena au hana kitu cha kukamatwa. Kuna jambo moja linaloweza kugeuza matokeo: kama mnunuzi wa pili alijua, au dalili zilikuwa wazi kiasi kwamba ilimpasa kuuliza. Uzio mpya, kibanda chenye mlinzi, tofali zilizopangwa na mtu asiye muuzaji, vyote hivyo mahakama inaweza kuvihesabu kuwa taarifa. Hivyo kwenda kuona kiwanja kwa macho na kuuliza majirani kuna uzito wa kisheria, na si utaratibu wa adabu tu.

Sasa turudi tarehe 9 tuone nini kingebadilisha kila kitu. Kama mnunuzi wa kwanza angewasilisha zuio kwa msajili tarehe 10, siku moja baada ya kusaini, upekuzi wa tarehe 18 ungelionyesha. Zuio, ambalo kwingine huitwa tahadhari au kaveti, ni maandishi yanayoingizwa kwenye rejista kusema kwamba mtu fulani ana dai katika ardhi hii na asisajiliwe mwingine kabla huyo hajasikilizwa. Mnunuzi mwenye mkataba uliosainiwa kwa kawaida anaruhusiwa kuliweka, akiambatisha mkataba wake na kiapo. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya kiwanja, na bado ndiyo hatua inayorukwa kuliko nyingine zote. Sababu ninayoisikia mara kwa mara ni kwamba muuzaji ataona haaminiwi. Muuzaji anayekusudia kutimiza mkataba hapotezi chochote, kwa kuwa zuio litaondolewa siku ileile uhamisho unaposajiliwa. Anayekasirika kwa sababu ya zuio amekueleza jambo la kuzingatia kabla hujalipa.

Jambo la pili ni njia ya malipo. Nusu ya bei haikupaswa kuingia mkononi mwa muuzaji tarehe 9. Ilipaswa kukaa kwenye akaunti ya amana ya wakili, kwa masharti yaliyoandikwa, itolewe tu uhamisho ukishasajiliwa. Wakili huyo awe wa mnunuzi, au wa kila upande awe na wake. Wakili mmoja anayewasimamia wote wawili, tena aliyeletwa na muuzaji au dalali, ni dalili ya hatari ambayo watu wengi huiona kama njia ya kupunguza gharama. Kama mfumo wa amana haupo mahali ulipo, malipo ya kwanza yawe madogo, na hati halisi pamoja na fomu ya uhamisho iliyosainiwa vitoke mikononi mwa muuzaji siku hiyohiyo na kuwekwa kwa wakili. Muuzaji asiye na hati wala fomu atapata shida kubwa kumshawishi mtu wa pili.

Jambo la tatu ni upekuzi wa pili. Upekuzi una umri mfupi mno. Majibu ya tarehe 4 hayasemi lolote kuhusu tarehe 5. Rudia upekuzi asubuhi ya siku ya kulipa, na nyaraka ziwasilishwe kwa msajili siku hiyohiyo, si wiki inayofuata wakili atakapopata nafasi. Ukiwasilisha, dai risiti yenye tarehe na nambari ya kupokelewa, maana pale nyaraka mbili zinapogongana, mpangilio wa kuwasilisha ndio unaoamua nani yuko mbele.

Hapa sina budi kusema kwamba mzigo huu haukupaswa kuwa wa mnunuzi peke yake. Nchini Uingereza na Welisi mnunuzi anaweza kuomba upekuzi rasmi wenye kipaumbele, unaompa siku 30 za kazi ambazo ombi lake la usajili litatangulia mbele ya maombi mengine yatakayoingia ndani ya muda huo. Pengo lile la kati ya upekuzi na usajili linazibwa na rejista yenyewe. Penye utaratibu kama huo, mnunuzi wetu wa kwanza angeweza kulipa na kulala usingizi, mradi awasilishe ombi lake ndani ya muda huo. Pasipo nao, raia anaachwa kulinda siku hizo kwa zuio na kwa mbio. Nchi inayotaka watu wanunue ardhi kwa njia halali ina deni la kuziba pengo hilo, kwa sababu teknolojia yake si ngumu. Ni tarehe na mpangilio wa foleni tu.

Hadi hapa muuzaji alikuwa mwenye ardhi wa kweli. Tuje kwa hati za kughushi.

Karatasi iliyochapishwa tu mtaani, isiyo na kitu nyuma yake, ndiyo aina dhaifu. Upekuzi mmoja huiangusha, mradi uufanye wewe. Matapeli wanalijua hilo, kwa hiyo karatasi kama hiyo huja pamoja na majibu ya upekuzi yaliyoghushiwa pia. Muuzaji anayesema usihangaike, nimeshafanya upekuzi mwenyewe, haya hapa majibu, hajakusaidia chochote. Chukua nambari ya kiwanja, nenda mwenyewe au mtume wakili wako, lipia ada, pokea majibu kutoka dirishani au kwenye akaunti yako mwenyewe ya mfumo rasmi. Kisha soma sehemu zote, si jina peke yake. Rejista nyingi zina sehemu inayoieleza ardhi na ukubwa wake, sehemu ya wamiliki kwa mfuatano wa tarehe, na sehemu ya rehani na vizuizi. Linganisha ukubwa wa kiwanja kwenye rejista, kwenye hati na kwenye ramani ya upimaji. Anayeghushi hukazania jina na muhuri, na mara nyingi husahau kwamba eneo lazima lilingane kote kutatu. Angalia pia kama tarehe ya hati inaendana na tarehe ya mmiliki kuingia kwenye rejista. Hati haiwezi kutolewa kabla ya usajili unaoitoa.

Aina ngumu zaidi ni ile ambayo hati ni halisi na rejista ni safi, ila mtu aliye mbele yako siye. Kesi ya zamani inayofundisha jambo hili kuliko zote niijuazo ni ya Gibbs dhidi ya Messer, iliyoamuliwa mwaka 1891 na Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, kwa rufaa iliyotoka koloni la Viktoria huko Australia. Bi Messer alikuwa mmiliki aliyesajiliwa, na alimwachia wakili wake, Cresswell, hati yake aitunze. Wakili huyo alighushi uhamisho kwenda kwa mtu aitwaye Hugh Cameron, akausajili, hati mpya ikatoka kwa jina hilo. Cameron hakuwepo duniani. Kisha Cresswell, akijiita wakala wa Cameron, akakopa paundi 3,000 kwa rehani ya ardhi ile, akatoweka nazo.

Wakopeshaji walikuwa waaminifu. Walikagua rejista, wakaona jina la Cameron, wakaona hati halisi iliyotolewa na msajili. Hata hivyo walishindwa. Baraza lilisema kwamba rejista humlinda anayefanya biashara na mmiliki aliyesajiliwa, na wao hawakufanya biashara na mmiliki yeyote. Walifanya na mghushi aliyetumia jina la mtu wa kubuni. Bi Messer alirudishiwa ardhi yake bila rehani. Kosa la wakopeshaji lilikuwa moja tu: hawakuwahi kumwona Cameron, walimwona wakala wake.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1967, Baraza hilohilo liliamua kesi ya Frazer dhidi ya Walker kutoka New Zealand. Mke alikuwa ameghushi saini ya mumewe kwenye rehani ya ardhi yao ya pamoja. Deni halikulipwa, mkopeshaji akaiuza ardhi, mnunuzi akasajiliwa. Safari hii mnunuzi alilindwa na mume akapoteza. Ninaziweka kesi hizi mbili pamoja kwa makusudi. Kughushi ni kulekule, lakini katika moja aliyesajiliwa kwa nia njema anaanguka na katika nyingine anasimama. Kila nchi imechagua njia yake kati ya hizo mbili, na zipo zilizobadili msimamo. Mnunuzi anayejiliwaza kwamba sheria itamlinda kwa kuwa alikuwa mwaminifu anategemea jambo ambalo majaji wenyewe wamelijibu kwa namna tofauti.

Basi hati ya uwakilishi, ile inayompa mtu mamlaka ya kuuza kwa niaba ya mwenye ardhi, ichukuliwe kuwa dalili ya kusimama na kuuliza. Si kwamba ni haramu. Wapo wagonjwa, wapo wanaoishi mbali. Lakini mwenye ardhi yuko hai na ana simu. Mpate kwa njia uliyoitafuta mwenyewe, si kwa nambari uliyopewa na wakala. Zungumzeni kwa video akiwa na kitambulisho, umuulize alinunua lini, kwa nani, na mpakani kuna nini upande wa nyuma. Hakikisha hati ya uwakilishi imesajiliwa na haijafutwa, na kumbuka kwamba kwa kawaida hufa pamoja na aliyeitoa. Wakala wa marehemu hana cha kuuza. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Na fedha ziende kwenye akaunti yenye jina la mmiliki, si la wakala. Sharti hilo la mwisho pekee huwakimbiza matapeli wengi.

Viwanja vinavyolengwa kwa wizi wa namna hii vinafanana. Ni vile vitupu, visivyo na rehani, ambavyo mwenyewe yuko mbali, ni mzee au amefariki na warithi hawajafungua mirathi. Benki inaposhikilia hati, tapeli hupata kazi ngumu. Ukiona kiwanja cha sifa hizo kinauzwa chini ya bei ya majirani, na muuzaji anataka mambo yaishe wiki hii, usikimbie kununua wala usikimbie kukataa. Panua muda. Haraka ya muuzaji ndiyo silaha yake, kwa sababu kila siku inayopita ni siku ambayo mwenye ardhi halisi anaweza kupata habari.

Dalili nyingine ninayoipa uzito ni hati mbadala iliyotolewa karibuni. Mwenye ardhi akipoteza hati anaweza kuomba nyingine, baada ya kiapo na tangazo kwa umma. Ni utaratibu halali, na ni mlango unaotumiwa vibaya. Mtu anaiweka hati yake ya kwanza kwa mkopeshaji binafsi au kwa mnunuzi wa kwanza, kisha anaapa kuwa imepotea na kupata ya pili. Zote mbili ni karatasi halisi za serikali. Kwa hiyo ukiona kwenye rejista kwamba hati mbadala ilitolewa miezi michache iliyopita, uliza ilipoteaje, soma tangazo, tafuta taarifa ya upotevu iliyopelekwa polisi, na ulizia kwa majirani kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuja kupima au kuweka alama.

Kuna mtego mmoja ambao upekuzi hauwezi kuukamata, nao hauzungumzwi vya kutosha. Upekuzi hufanywa kwa nambari, wala hautazami udongo. Ukipewa nambari ya kiwanja kimoja na ukaonyeshwa kingine kizuri zaidi kilicho mtaa wa pili, upekuzi utarudi safi kabisa. Vilevile eneo moja linaweza kuwa limepimwa mara mbili, likapata nambari mbili na hati mbili, na kila moja ikapekuliwa ikaonekana haina doa. Dawa yake ni mpima ardhi mwenye leseni, aliyechaguliwa na wewe, anayechukua ramani ya upimaji kutoka ofisi ya ramani, si kutoka kwa muuzaji, kisha anayatafuta mawe ya mipaka kwa kutumia vipimo vya ramani hiyo. Akute mawe mahali pake yakiwa na nambari zilizoandikwa kwenye ramani. Muulize pia kama kuna upimaji mwingine unaoangukia juu ya eneo hilo, kwa kuwa ofisi ya ramani huona viwanja kwa pamoja wakati rejista huviona kimojakimoja.

Swali la mwisho ni la asili ya ardhi. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa. Kampuni ilikuwa na hati na ilinunua kutoka kwa mmiliki aliyesajiliwa. Lakini ardhi ilikuwa eneo la wazi la umma lililogawiwa kwa mtu binafsi mwaka 1989 bila kufuata sheria, na mahakama ikasema kwamba shina la umiliki likishatiliwa shaka, kuonyesha hati hakutoshi. Lazima ionekane kila hatua ilikuwa halali tangu mwanzo. Mnunuzi wa nia njema aliyekuja baadaye hakuokoka. Kwa hiyo upekuzi wa jina la sasa hautoshi kwa kiwanja kilicho kando ya barabara, ufukwe, shule, mto au uwanja. Omba historia yote ya usajili hadi mgao wa kwanza, na uiulize mamlaka ya mipango eneo hilo lilitengwa kwa matumizi gani kwenye ramani ya mipango.

Kwa ardhi isiyosajiliwa, mengi ya haya hayapo. Hakuna rejista ya kuwekea zuio. Kinachobaki ni majirani wa pande zote kutembea mipaka pamoja nawe na kusaini kama mashahidi, viongozi wa eneo kuandika mauzo kwenye daftari lao, familia ya muuzaji kukubali kwa maandishi, mwenzi wake akiwemo, na wewe kuishika ardhi kwa vitendo siku hiyohiyo: kuweka alama, kulima, kujenga uzio. Ulinzi huo ni dhaifu kuliko usajili, na ni vema uonekane hivyo kwenye bei na katika masharti ya malipo.

Na aliyekwisha kulipa akasikia fununu kuwa kiwanja kimeuzwa kwa mwingine, asianze kwa kumtafuta muuzaji. Muuzaji akijua umejua, ataharakisha usajili wa yule mwingine. Anza kwa msajili: fanya upekuzi saa ileile, na kama jina halijabadilika, weka zuio kabla ofisi haijafungwa. Kama uhamisho umeshawasilishwa lakini haujakamilika, wakili aombe mahakamani amri ya muda ya kusimamisha usajili, akiambatisha mkataba na ushahidi wa malipo. Kisha nenda polisi na nyaraka hizo, ukaombe akaunti iliyopokea fedha ifuatiliwe. Simu kwa muuzaji ipigwe baada ya hayo yote, na wakili awe amekaa pembeni.